Ukalimani wa hospitali kwa simu: namba, saa na siri

Kazi yangu ni ukalimani wa simu kati ya kliniki za Marekani na wagonjwa wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Wanaotaka kuanza huniuliza kwanza kuhusu kompyuta. Ya kawaida inatosha. Pesa weka kwenye hedifoni nzuri yenye maikrofoni, intaneti iunganishe kwa kebo badala ya waifai, na uwe na chumba chenye mlango unaofungwa. Kwa video ongeza ukuta mtupu nyuma yako.

Kinachoangusha wengi ni namba. Tuseme daktari anamweleza mama kwamba mtoto ana uambukizo wa sikio: amoksilini ya maji, mililita 5 asubuhi na jioni kwa siku 10, ikae kwenye friji, asiiache hata mtoto akipata nafuu. Anayasema yote kwa pumzi moja. Karatasi yangu inakuwa na "5 ml, x2, 10, friji, asiache", basi. Akizidi hapo namkatiza: "Mkalimani anaomba daktari asubiri kidogo." Najiita mkalimani kwa sababu neno "mimi" ni la daktari au la mgonjwa, daktari akisema "nitakupima", nami nasema "nitakupima".

Kwenye simu ya spika, 15 na 50 za Kiingereza husikika karibu sawa. Uliza: moja-tano au tano-sifuri? Saa nazo zina mtego wake. Mama akisema alimpa mtoto dawa saa mbili, huenda ni saa mbili yetu ya asubuhi; huenda pia amezoea kuhesabu kwa Kifaransa, ikawa ni saa nane mchana. Usiamue mwenyewe, wala usianze kumhoji kimya kimya. Mwambie daktari kwamba mkalimani anahitaji ufafanuzi kuhusu saa, ndipo umuulize mama.

HIPAA, sheria ya Marekani ya 1996 inayolinda siri za wagonjwa, inalinda hata habari kwamba fulani alifika kliniki. Hivyo sirekodi simu, na karatasi naichana mazungumzo yakiisha. Mwanzoni nawaambia wote wawili kwamba kila kitakachosemwa kitatafsiriwa. Daktari akitoka chumbani nazima maikrofoni, maana mgonjwa akibaki peke yake na sauti ya lugha yake huanza kumwaga mambo, na mengine yalipaswa kumfikia daktari.

Jumuiya zetu huku ni ndogo, kwa hiyo iko siku utaitambua sauti. Sema palepale, kwa lugha zote mbili, kwamba mnafahamiana, ili mgonjwa aamue kama uendelee au aletewe mkalimani mwingine. Akikubali uendelee, mkikutana kanisani Jumapili usimuulize mtoto anaendeleaje. Akilianzisha mwenyewe, msikilize kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.