Wekundu uliopotea chini ya maji: kuzidisha au kukopa?

Swali: *Habari za kazi, kaka. Nilizama Mbudya mita 9, nikarekodi matumbawe na kiti cha pweza mwekundu, lakini video nzima imetoka bluu-kijani. Nikisukuma Temp na Tint kwenye DaVinci Resolve ya bure, picha inajaa chenga na maji ya nyuma yanageuka zambarau. Nakosea wapi?*

Jibu: Nzuri, mdogo wangu. Kabla hujagusa kitu, fungua `Parade`, ile grafu ya nyekundu, kijani na bluu, utazame chaneli nyekundu peke yake. Ikiwa imelala chapa kwenye sifuri, hakuna cha kurudisha, kwa sababu kamera haikuandika kitu. Ikiwa imejikunyata chini lakini ina umbo, yaani unaona vilima na mabonde, kazi ipo.

Chukua mfano wa mchanga mweupe pembeni ya kiti chako cha pweza. Chagua `Qualifier`, bofya kulia juu ya picha, washa `Show Picker RGB Value`, kisha pitisha kishale juu ya mchanga. Tuseme umesoma nyekundu 20, kijani 130, bluu 140. Mchanga ulipaswa kuwa na namba zinazokaribiana, kwa hiyo nyekundu inatakiwa ifike kama 130. Ukizidisha tu, unazidisha mara 6.5, na kila punje ya chenga iliyokuwemo nayo inakua mara 6.5. Tena video yako ya biti 8 ina ngazi 20 tu kati ya sifuri na hapo mchanga ulipo. Ukizinyoosha hadi 130, kila ngazi inaruka sita au saba kwa mkupuo, na mchanga unapata mabaka. Hizo ndizo chenga unazoziona.

Njia ya pili ni kukopa kutoka kijani, ambayo maji hayakuila sana kama yalivyoila nyekundu na bado ina umbo safi la picha. Fungua `RGB Mixer`, ondoa tiki kwenye `Preserve Luminance` ili namba zibaki kama unavyoziandika, kisha upande wa `Red Output` weka R 2.00 na G 0.70. Hesabu ya mchanga inakuwa 40 kuongeza 91, yaani 131. Umefika palepale, ila chenga za nyekundu zimekua mara mbili tu.

Mkopo huu una gharama, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Vinundu vyekundu vya kiti cha pweza, tuseme, vinasomeka nyekundu 15, kijani 24. Kwa kuzidisha nyekundu ingefika 97, mara nne ya kijani, wekundu wa kweli. Kwa kukopa inafika 47 hivi, mara mbili tu, na kinundu kinaelekea rangi ya matofali. Kadiri unavyokopa zaidi, ndivyo vitu vyekundu vinavyofanana na kila kitu kingine. Kwa hiyo mimi huanza na G 0.30, napandisha R hadi chenga zianze kuudhi macho, halafu nakopa kinachobaki tu.

Zambarau ya maji ya nyuma ni jambo lingine. Mwanga hausafiri kwenda chini tu. Unashuka mita 9 hadi kwenye tumbawe, kisha unasafiri tena kuja kwenye lenzi yako. Tumbawe lililo mita moja mbele limepoteza wekundu wa mita 10, la mita 6 mbele wa mita 15, na maji matupu hayana kitu chekundu kabisa. Ukiyapa nyekundu maji ambayo yanapaswa kubaki bluu, yanakuwa zambarau. Kwenye nodi hiyohiyo ya `RGB Mixer`, tumia `Qualifier` kuchagua bluu ya maji, geuza uteuzi ili nodi iguse kila kitu isipokuwa maji, na ongeza `Blur Radius` hadi kingo za matumbawe zisionekane zimekatwa kwa mkasi.

Kitu kimoja kwenye kamera: zima waiti balansi ya otomatiki. Niliwahi kurekodi klipu ya kushuka kutoka mita 3 hadi 9 nikiwa nimeiacha, na kamera ikawa inabadilisha rangi kila sekunde chache. Nilipaka rangi kipande kwa kipande siku nzima, na bado mirukaruko ilionekana. Weka namba moja, kwa mfano `5500K`, na ikimbie hivyo hivyo. Kushuka kwenyewe kutabadilisha wekundu, ila polepole, na hilo unaliweza kwa `keyframe` mbili tatu.

Na huyo kiti cha pweza, ukimrudia, msogelee hadi nusu mita na tochi ya video mkononi. Mwanga wa tochi unasafiri mita moja tu kwenda na kurudi, kwa hiyo nyekundu itakuwepo kwenye faili lenyewe, na hutahitaji kukopa.