Barua kwa mwanangu: kabla hujapokea funguo za duka la mtu

"Shikamoo Mama. Mwenye duka la vyakula hapa Igoma anasafiri wiki tatu kwenda Dar es Salaam, na ameniomba nimshikie duka na kulala nyumbani kwake. Nilipomuuliza malipo alisema tutaelewana akirudi. Nikubali?"

Marahaba mwanangu.

Kubali, lakini usipokee funguo kabla hamjahesabu mali pamoja na kuandika malipo. Najua kwamba ni mama unayemheshimu na kwamba utaona haya kumwambia hivyo. Nami niliona haya. Mwaka 1998, kabla hujazaliwa, nilishika duka moja Kirumba kwa siku 18 wakati mwenyewe alipokwenda msibani Bukoba. Hatukuhesabu kitu, kwa sababu tulijuana tangu zamani. Aliporudi alifungua stoo, akasema katoni mbili za sabuni hazipo. Sikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba zilikuwapo au hazikuwapo siku ile aliyonikabidhi. Hakuniita mwizi, ila hakunilipa, na kwa miezi mingi baada ya hapo majirani wa sokoni walikuwa wakihesabu chenji yao mara mbili mbele yangu. Hilo la chenji ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwombe basi mfunge duka mapema jioni moja kabla ya safari, mhesabu rafu kwa rafu kisha stoo, yeye akitaja na wewe ukiandika. Kila bidhaa iandikwe kwa bei ya kuuzia, si bei ya kununulia. Sababu ni kwamba fedha itakayoingia kwenye droo ni ya bei ya kuuzia, na ukichanganya bei mbili katika daftari moja, faida itajificha ndani ya hesabu na hamtajua kama mali imepungua au imezidi. Bei ikipanda katikati ya safari yake, kwa mfano ya sukari, hesabu kilo zilizobaki siku hiyohiyo na uandike tofauti yake. Usipofanya hivyo, daftari litaonyesha ziada ambayo si ya kweli, na ziada ya namna hiyo inaweza kufunika upungufu wa kweli.

Nikupe mfano wa namna hesabu inavyokwenda. Tuseme mali mliyohesabu ni shilingi 3,420,000, na katika wiki tatu duka likaongezewa mzigo ambao kwa bei ya kuuzia ni 860,000. Jumla ni 4,280,000. Mauzo ya fedha taslimu yakawa 2,310,000, waliokopa ambao hawajalipa wakawa na 74,000, na vitu alivyokuruhusu kula nyumbani vikawa vya 36,000. Ukiondoa vyote hivyo, rafuni na stoo panapaswa kubaki mali ya 1,860,000. Mkihesabu mkakuta 1,841,000, upungufu ni 19,000. Angalia pia kwamba mauzo ni fedha yote iliyoingia, hata ile uliyoitoa tena kununua mzigo au kumtumia mwenyewe kwa simu. Matumizi hayo yaandikwe ukurasa wake, na ujumbe wa kila muamala usifutwe. Ada ya kutuma iwe juu yake, nayo iandikwe.

Sasa ile 19,000 si lazima iwe imeibwa. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unaouzwa kwa robo unapimwa mara 200, na mizani ikilala upande wa mteja kwa gramu 5 tu kila mara, kilo nzima imekwenda. Mifuko miwili ni kilo mbili. Kwa bei ya 3,000 ni shilingi 6,000. Mikate mitatu ya 2,000 iliyoota ukungu ni 6,000 nyingine, mradi uliiweka kando aione kwa macho yake badala ya kuitupa. Inabaki 7,000 isiyo na maelezo. Ndiyo maana mkubaliane mapema kiasi cha upungufu kitakachosamehewa. Mimi ningeomba shilingi 5,000 kwa kila milioni ya mauzo, ambayo katika mfano huu ni zaidi kidogo ya 11,500, na kinachozidi hapo ndicho kikatwe kwako. Kiwango hicho kisipoandikwa, ataweza kukukata mshahara wote kwa ajili ya gramu za sukari.

Kuhusu mikopo, akuachie majina ya wateja anaowaamini na kikomo cha kila mmoja. Asiye kwenye orodha usimkopeshe, hata akisema mama mwenye duka ni dada yake. Kama duka lina uwakala wa fedha, ningependa aufunge mpaka arudi, kwa sababu laini ni ya jina lake na namba ya siri hupaswi kuijua. Akisisitiza, basi floti na fedha taslimu za uwakala zikae mbali na droo ya duka. Jumla ya hizo mbili haibadiliki mteja anapoweka au kutoa, kwani kimoja hupungua kwa kiasi ambacho kingine huongezeka, hivyo jumla ikishuka jioni utajua kosa limetokea leo na si juzi.

Usikubali kulipwa kwa asilimia ya mauzo. Duka la vyakula linauza sana unga na sukari, ambavyo faida yake ni ndogo, kwa hiyo atakupa asilimia ndogo mno, na siku za mvua utakaa bure. Omba malipo ya siku. Kulala nyumbani kwake ni kazi ya pili yenye malipo yake. Mkikubaliana 10,000 kwa siku ya duka na 3,000 kwa usiku, siku 21 ni 273,000, na theluthi yake, yaani 91,000, uipokee kabla hajapanda basi Nyegezi. Andikeni pia malipo ya siku zitakazozidi, maana wanaofuata mzigo Kariakoo mara nyingi hukawia.

Nyumbani mambo ni machache. Andika uniti za umeme zilizobaki kwenye mita ya LUKU siku unayoingia, na umwombe afunge chumba chake cha kulala na kuondoka na ufunguo. Kubwa zaidi, muulize nani mwingine ana ufunguo wa duka au nyumba. Kama yupo mdogo wake au shemeji mwenye wa akiba, anunue kufuli jipya, na funguo zake zote uzishike wewe. Huwezi kuwajibika kwa mlango ambao mtu mwingine anaweza kuufungua usiku.

Karatasi iwe na nakala mbili, kila ukurasa utiwe sahihi na nyote wawili, na balozi wenu awe shahidi. Akirudi usiku, msihesabu kwa uchovu. Fungeni duka, alale na ufunguo mmoja wa kufuli moja na wewe ufunguo wa kufuli la pili, mhesabu asubuhi kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa.

Niambie siku mliyopanga kuhesabu. Nitavuka kwa meli kutoka Nansio siku moja kabla, nikusaidie kuandika huku wewe ukitazama rafu.

Mama yako