Ukuta mweupe: wa joto au wa baridi?

"Nitajuaje kama ukuta wangu wa rangi ya maziwa ni wa joto au wa baridi?"

Bandika ukutani vipande viwili vya kadi ya rangi vyenye weupe unaolingana, kimoja kinachovuta njano, yaani cha joto, na kingine samawati, yaani cha baridi, uzime taa mchana. Kile ambacho ukingo wake unakaribia kupotea ukutani ndicho jibu. Wapo wanaoshauri kulinganisha ukuta na karatasi nyeupe ya fotokopi, nao wamepatia nusu: kulinganisha ni lazima, lakini karatasi hiyo huwekewa kemikali ya kung'arisha inayotoa mwanga wa samawati, hivyo karibu kila ukuta huonekana wa njano kando yake. Katika kupaka nyumba hapa Moshi nimeona pia ukuta unaotazama migomba ukichukua ukijani wa majani, kwa hiyo rudia jaribio kwenye ukuta usioelekea shambani.