Kabla hujaandika kwamba "walifaulu kwa juhudi": kwa wanaoanza utafiti wa elimu Mbeya na Iringa

Wengi wanaoanza tasnifu ya sosholojia ya elimu huja na jedwali moja. Upande huu kuna shule binafsi ya bweni yenye karo ya mamilioni, upande ule shule ya kata, na katikati asilimia ya waliopata daraja la kwanza hadi la tatu. Ukiuliza pengo limetoka wapi, utaambiwa wale wana akili na bidii, au wazazi wao wana hela. Yote mawili yamesemwa kabla ya hesabu kufanyika.

Dai la meritokrasia ni kwamba mtihani haujali mtoto ni wa nani: mwenye kipaji na bidii atapanda. (Mwanasosholojia Michael Young, aliyelipa neno hilo umaarufu mwaka 1958, alilitumia kwa kejeli. Wanaolinukuu kwa sifa husahau.) Ukitaka kulipima dai hilo, anza na idadi unayogawia.

Chukua mfano wa kujifunzia. Shule binafsi ya Mbeya mjini imetahini watahiniwa 45 wa kidato cha nne, na 43 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu: asilimia 96. Shule ya kata ya Mbozi imetahini 150, na 48 wamefika hapo: asilimia 32. Pengo ni pointi 64. Sasa rudi miaka miwili nyuma, kwenye upimaji wa kidato cha pili. Shule binafsi ilikuwa na watoto 60, ya kata 180. Gawa upya: 43 kwa 60 ni asilimia 72, na 48 kwa 180 ni asilimia 27. Pengo limeshuka hadi 45, na hakuna mtoto aliyejifunza zaidi wala pungufu.

Wale 15 waliopungua shule binafsi walikwenda wapi? Shule nyingi za kulipia zina wastani wa lazima. Asiyeufikia hukariri darasa au huambiwa atafute shule nyingine, na pengine jina lake liko kwenye orodha ya ileile shule ya kata unayoilinganisha. Hivyo 72 ni kiwango cha chini tu. Kama wote 15 walifaulu kwingine, kiwango cha juu ni 97. Andika mipaka yote miwili, kisha omba daftari la mahudhurio na kumbukumbu za uhamisho uone nani alitoka na nani aliingia. Orodha ya shule kumi bora haitakusaidia, na Baraza la Mitihani lilikwishaacha kuitangaza Januari 2023.

Hatua inayofuata ina mtego. Utashauriwa ulinganishe watoto waliopata alama sawa darasa la saba, ili "uwezo" uwe sawa. Fanya hivyo, ila usiziite alama hizo uwezo wa kuzaliwa. Aliyesoma miaka saba kwa Kiingereza cha kulipiwa anaingia kidato cha kwanza akiielewa lugha ya kufundishia. Mwenzake wa shule ya msingi ya serikali anaanza kuizoea siku hiyohiyo. Ukisawazisha alama za kuingilia, umeshaifuta karo iliyokwisha kulipwa.

Kuhusu gharama, usiishie kuuliza ada. Waraka Na. 5 wa 2015 uliifuta hadi kidato cha nne, kwa hiyo katika shule ya kata jibu litakuwa sifuri. Uliza sare, madaftari, mahindi na maharage ya chakula cha mchana, na kodi ya gheto kwa wanaopanga karibu na shule. Mkulima wa viazi wa Uporoto usimuulize kipato cha mwezi, maana hana mwezi wa namna hiyo. Muulize aliuza gunia ngapi msimu uliopita, kwa bei gani, na michango ya shule ilidaiwa kabla au baada ya kuvuna. Hapo ndipo utaona kwa nini mtoto hakuonekana darasani wiki tatu.

Tuisheni ndiyo inayoharibu tasnifu nyingi. Swali la "unasoma tuisheni, ndiyo au hapana" linachanganya masomo ya ziada ya jioni kwa michango, kambi ya mtihani, na mwalimu anayefuatwa nyumbani. Zaidi ya hayo, wapo wanaopelekwa kwa sababu wameanguka, na wapo wanaopelekwa ili B iwe A. Ukiwaweka kapu moja, tuisheni itaonekana haina faida, au hata inashusha alama. Utaligundua kosa hilo ukiona wanaosoma tuisheni wana alama za chini kuliko wenzao tangu kabla ya kuianza. Kwa hiyo uliza ilianza mwezi gani, saa ngapi kwa wiki, nani aliamua, nani analipa, kisha linganisha na mtihani wa mwisho uliofanyika kabla ya mwezi huo.