Viza ya masomo Uingereza: hesabu kutoka Septemba kurudi nyuma

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniuliza kama akate tiketi sasa, maana barua ya udahili imeshafika na shahada yake ya uzamili inaanza Leeds tarehe 21 Septemba 2026. Asikate. Tiketi hukatwa mwisho. Kinachoanza ni pesa, na maofisa wa viza hawaangalii tu kama unazo: wanaangalia zimekaa kwenye akaunti ya nani na kwa siku ngapi.

Tupige hesabu yake. Tuseme ada ni pauni 22,000 na ameshalipa 4,000 za kushikilia nafasi, kwa hiyo zimebaki 18,000. Nje ya London, kiwango cha matumizi tangu Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi, na hata kozi ikiwa ya mwaka mzima huhesabiwa miezi 9 tu, yaani 10,539. Jumla ni pauni 28,539. Kiasi hicho lazima kikae siku 28 mfululizo. Salio likishuka hata jioni moja, hesabu inaanza upya. Taarifa ya benki nayo isizidi siku 31 kufikia siku unayolipia maombi ya viza.

Sasa tarehe zenyewe. Akiomba Jumatatu ya 27 Julai na taarifa ya benki ikiishia Ijumaa ya 24 Julai, siku 28 zinaanzia 27 Juni. Pesa yote iwe ndani kufikia Ijumaa ya 26 Juni. Hapo ndipo michango ya ukoo inapowaponza wengi: shangazi ameahidi, mjomba anasubiri mavuno, na fungu la mwisho linaingia wiki ya pili ya Julai. Siku zinahesabiwa tangu fungu hilo lilipoingia.

Kama akaunti ni ya shilingi, maofisa hubadilisha kwa kiwango cha siku ya maombi. Shilingi ikiteleza kidogo unapungukiwa, kwa hiyo weka ziada ya asilimia 5 hivi.

Jina la akaunti ni mtego mwingine. Inakubalika yako, ya mzazi, au ya mlezi anayetambuliwa kisheria. Ya baba mdogo haifai, hata kama ndiye aliyekusomesha tangu darasa la kwanza. Afadhali ahamishie pesa kwako kabla ya 26 Juni. Ukitumia ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Lisome jina lake kwenye cheti herufi kwa herufi, ulilinganishe na la benki. Marekebisho RITA hayangoji ratiba yako, hivyo yashughulikie mapema.

Kipimo cha kifua kikuu kifanyike Mei, katika kliniki iliyoidhinishwa kwa ajili ya viza ya Uingereza. Cheti hudumu miezi 6, kwa hiyo kuwahi hakukupotezei kitu. Kuchelewa ndiko kunakouma: picha ya kifua ikiwa na alama ya kutia shaka, hata kovu la zamani, makohozi huoteshwa maabara na majibu huchukua kama miezi 2.

Namba ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo unaouombea viza, hutoka chuoni ukishatimiza masharti yote ya udahili. Ikifika, angalia kama zile pauni 4,000 zimeandikwa humo. Zisipoonekana, iombe ofisi ya udahili isahihishe kabla hujatuma maombi. Siku ya kutuma, uwe na pauni 1,164 za tozo ya afya pamoja na ada ya viza, nje ya zile 28,539. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya alama za vidole.

Makazi yanaingilia hesabu hii kuliko watu wanavyodhani. Malipo ya hosteli ya chuo chenyewe yanaweza kupunguzwa kwenye kiasi unachotakiwa kuonyesha, hadi kikomo maalumu. Ya mwenye nyumba binafsi hayapunguzwi, na ukiyatoa katikati ya siku 28 kutoka akaunti ileile, umejiharibia mwenyewe. Omba hosteli ya chuo mara tu unapokubali nafasi.

Viza siku hizi ni ya kidijitali, hivyo hakikisha pasipoti utakayosafiria imeunganishwa na akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza. Hapo ndipo ukate tiketi. Kwa kozi kama hii unaruhusiwa kuingia hadi mwezi mmoja kabla ya kuanza, lakini fuata tarehe ambayo chumba kinafunguliwa, na chagua ndege inayofika mchana wa siku ya kazi, wakati ofisi ya funguo iko wazi.