Barua kwa mwanangu anayekwenda kuzika Kinango

"Mama, mjomba anazikwa kesho alasiri, na hii mvua boda itanifikisha mpaka kule ndani ama nitatembea?"

Mwanangu, fanya hesabu ya kutembea, boda ikikufikisha sawa. Kutoka Kinango mjini mpaka kwa mjomba ni kama kilomita kumi na mbili, kukikauka boda ni nusu saa tu, lakini mvua ikinyesha ule udongo mweusi unajaa katikati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na mwenye boda anashuka kukwangua na kijiti. Wengi wanakuacha kwenye kile kijito, kama kilomita nne hivi kabla hujafika, na hizo kwa matope ni saa moja unusu. Jeneza halitakungoja, wakishaswali alasiri wanakwenda makaburini, kwa hivyo saa tano uwe ushatoka Kinango. Ina maana saa moja asubuhi uwe ushavuka feri, maana matatu za Likoni zinangoja zijae na pengine ubadilishe gari Kwale.

Pale steji usipande yule wa kwanza kukuita. Tafuta aliyetoka huko ndani leo, utamjua kwa pikipiki yake, matope mabichi yamefika mpaka kwa injini, huyo ndo atakwambia ukweli kijito kiko vipi. Elewaneni bei kabla ya kupanda na umuulize kabisa, akikushukishia kijitoni ni ngapi. Ubebwe peke yako, mambo ya mshikaki kwa utelezi sitaki. Panda kwa upande wa kushoto, ekzosi iko kulia na inaunguza mguu vibaya. Kanzu na kofia tia kwa mfuko wa plastiki uvae suruali, kanzu ikipeperuka inashikwa na cheni, utavalia kule. Akiteleza usiteremshe mguu kuzuia, ndo watu wanavunjika hivyo, na pakiwa pabaya mwambie asimame ushuke upite kwa miguu.

Sasa kijito, hapa nakuomba kabisa. Maji yakiwa ya tope, yanakwenda mbio na yamebeba vijiti, hayo bado yanapanda, usiingie hata ukiona watu wanavuka. Kaa juu usubiri, vijito vya huko mvua ikikatika juu vinashuka baada ya masaa. Yakipita magoti rudi, hata kama utakosa maziko. Utaswali ghaibu huku na utakwenda kuwapa mkono siku nyingine, matanga hayaishi kesho.

Beba pesa taslimu za notinoti ndogo, netiweki ya huko si ya kutegemea. Na usirudi na boda usiku, lala kwa shangazio, mimi nshamwambia. Mwambie mie na kina mama tutakuja siku ya hitima, njia ikikauka kidogo.