Alfajiri si lazima hewa iwe safi

"Nakimbia saa kumi na moja alfajiri kando ya barabara kuu nikwepe moshi, lakini bado nakohoa. Nakosea wapi?"

Ndugu, aliyekuambia kwamba alfajiri magari ni machache amepatia nusu. Asubuhi ya baridi isiyo na upepo, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu yake, basi moshi wa usiku hukwama kama umefunikwa kwa mfuniko. Utaujua: ukungu wa kijivu umelalia mapaa, moshi wa jiko unatambaa badala ya kupanda. Siku hiyo subiri jua lipande na upepo uanze.

Ila mimi ningebadili njia kabla ya kubadili saa. Ingia mitaa ya ndani. Mita 100 au 200 tu kutoka barabara kuu, moshi wa magari hupungua sana. Ukikosa njia nyingine, shika upande unakotoka upepo, vumbi lipeperukie ng'ambo. Kitambaa puani (najua wengi mnakipenda) huzuia vumbi la kuonekana, moshi unapita. Kifua kikibana au kutoa mluzi, acha kukimbia, ukapimwe pumu.